Nilielekeza ukurasa tu, sasa naitwa kamati ya nidhamu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na ni admini wa grupu la darasa letu, tupo watu 84. Tangu mwaka jana nimekuwa nakusanya madesa: pasti pepa za miaka mitano nilizozitoa maktaba, pamoja na faili la majibu tuliloachiwa na waliotutangulia. Nikalipini juu ya grupu ili kila mtu alipate.

Mwezi uliopita mhadhiri wa takwimu alitupa zoezi la alama 20 siku ya Jumatatu, tukusanye Ijumaa. Jumatano usiku mwenzetu akauliza kwenye grupu nani ana jibu la swali la 3. Nikamjibu, "Liko kwenye faili, ukurasa wa 7." Basi. Mimi zoezi nilishalimaliza Jumanne kwa akili yangu mwenyewe, na swali hilo nilipata alama zote.

Sasa watu 19 wameitwa kwa kosa la kunakili. Mimi nimepewa barua yangu peke yangu, imeandikwa "kuwezesha udanganyifu". Kamati inakaa baada ya siku tisa. Kwenye grupu wanasema tufute kila kitu na tukubaliane kusema tulisoma pamoja. Wengine wananiambia sina kesi kwa sababu pasti pepa ziko maktaba, hazijawahi kuwa siri.

Mwalimu, kosa langu liko wapi hasa? Nifute? Nikiulizwa majina nisemeje? Na hili grupu, ambalo limewasaidia wengi kabla ya tesiti na hata baada ya tesiti tunapokumbushana maswali, nilifunge? Nyumbani bado sijasema.

Mwenye Faili

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lisilosubiri. Usifute kitu, na ujitoe kwenye mazungumzo yoyote ya kupanga kauli. Kama mko WhatsApp, ujumbe wa mwezi uliopita huwezi tena kuufuta kwa wote; utafutika kwenye simu yako tu na kubaki kwenye simu za wenzako 83. Kama mko Telegram unaweza kuufuta kwa wote, ila skrinshoti zilizokwisha kupigwa hazifutiki. Halafu jiulize kamati ilikujuaje. Karatasi yako ni safi, haina chochote kinachofanana na za wale 19, kwa hiyo hakuna njia ambayo mhadhiri angelipata jina lako kwa kusahihisha. Maana yake ule ujumbe wako wa Jumatano uko mezani kwao tayari. Ukiufuta sasa unajiondolea ushahidi wako mwenyewe, na katika vyuo vingi kuharibu ushahidi baada ya kuitwa ni kosa jingine linaloandikwa juu ya lile la kwanza.

Nimekaa kwenye kamati za namna hii kwa miaka. Kijana mmoja alituletea mazungumzo ya grupu yao yakiwa yamechapishwa vizuri, Jumatatu ipo, Jumanne ipo, kisha tunaruka hadi Alhamisi. Mwenyekiti akafungua bahasha yake, akatoa Jumatano iliyoletwa na mwenzake. Kosa lililomleta lilikuwa dogo, nakumbuka tulikuwa tunaelekea kumpa onyo. Baada ya ukurasa ule hakuna aliyemwamini hata alipokuwa anasema kweli, na mengi aliyosema yalikuwa kweli. Sitaki yakukute.

Sasa kosa lako. Wanaokwambia pasti pepa hazina siri wamesema kweli, ila wanatetea kitu ambacho hukushtakiwa nacho. Faili zako zina vitu viwili vyenye asili tofauti. Pasti pepa ulizozitoa maktaba zimewekwa pale na chuo chenyewe ili wanafunzi wazisome, na kuzisambaza kwa darasa hakuna tatizo. Zingekuwa karatasi zilizoandikwa juu kwamba zisitolewe nje ya chumba cha mtihani, ningekuandikia barua nyingine kabisa, kwa sababu kuwa nazo tu ni kosa, hata kama aliyezitoa ni mtu mwingine na ni zamani. Kagua hilo leo: fungua kila karatasi, soma ukurasa wa kwanza.

Faili la majibu ndilo lenye utata. Majibu ya mfano aliyoyaandika mwanafunzi wa mwaka juzi, ukayasoma mwezi mmoja kabla ya zoezi lolote kutolewa, ni kama daftari la kaka au dada yako. Unajaribu swali mwenyewe, unakwama, unaangalia alivyofanya, unaelewa. Karibu kila chuo ninachokijua kingeliita hilo kujisomea. Lakini Jumatatu ile mhadhiri alipotoa zoezi, na swali la 3 likawa limefanana na la ukurasa wa 7, ukurasa ule ulibadilika kazi bila mtu kuugusa. Tangu Jumatatu hadi Ijumaa ulikuwa jibu la kazi yenye alama, ambayo kila mtu alitakiwa aifanye peke yake. Nenda kaitazame karatasi ya zoezi, mistari ya juu kabisa ambayo wengi hamuisomi. Ikiwa imeandikwa "fanya kazi hii peke yako", au kanuni za kozi mlizopewa mwanzo wa semista zinasema hivyo kwa kazi zote za alama, basi hapo ndipo mstari ulipo. Ulivukwa Jumatano usiku, ulipoandika yale maneno sita.

Ulipolipini faili mwaka jana hukukosea. Kumaliza zoezi Jumanne hukukosea. Lakini Jumatano mtu aliuliza jibu la swali la kazi iliyo wazi, akataja na namba ya swali, nawe uliyekuwa umeshalifanya ulijua fika anaomba nini. Ukamwonyesha mlango. Kanuni nyingi za vyuo zinamhesabu anayetoa jibu sawa na anayelipokea, hata kama mtoaji hakupata faida yoyote. Hilo ndilo neno "kuwezesha" kwenye barua yako, na nakusihi usiende kubishana nalo kwa hoja ya maktaba.

Huenda unajiuliza waligunduaje. Nitakueleza namna mambo haya yanavyoonekana tukiwa tunasahihisha, kwa mfano nilioutengeneza, maana najua wengi wanaamini ni programu ya kompyuta inayokamata. Programu za kulinganisha maandishi zipo, zinafaa kwa insha, na hata hizo zinaonyesha mfanano tu, hazitoi hukumu. Kwenye hesabu mara nyingi ni jicho la msahihishaji, tena kinachomshtua ni makosa kuliko majibu sahihi.

Tuseme swali la mwaka juzi liliwapa namba 12, 15, 11, 18 na 14, likataka mchepuko sanifu wa sampuli. Jumla ni 70, wastani 14. Tofauti za kila namba na wastani ukizipandisha kipeo cha pili unapata 4, 1, 9, 16 na 0, jumla 30. Unagawa kwa 4, kwa kuwa ni sampuli ya namba tano, unapata 7.5, na kipeuo chake ni 2.74. Sasa aliyeandika faili lenu alikosea kujumlisha, akaandika 29. Akagawa kwa 4 akapata 7.25, akamaliza na 2.69. Mwaka huu mhadhiri anaibadilisha namba ya mwisho tu, badala ya 14 anaweka 19. Jumla inakuwa 75, wastani 15, vipeo vinakuwa 9, 0, 16, 9 na 16, jumla 50. Ukigawa kwa 4 ni 12.5, na jibu ni 3.54.

Fikiria msahihishaji anafungua karatasi ya kwanza, anakuta 2.69. Anaweka alama ya kosa, anaendelea. Ya sita, 2.69 tena. Ya tisa vilevile. Hapo anaweka kalamu chini, kwa sababu kwa namba za mwaka huu hakuna njia ya hesabu, hata ya kukosea, itakayompeleka mtu kwenye 2.69. Mwanafunzi aliyesahau kanuni ya sampuli angegawa kwa 5, akapata 10 na kumaliza na 3.16. Hilo ni kosa la kawaida, watu kumi wanaweza kulifanya kila mmoja chumbani kwake, na kamati yenye busara haimshtaki mtu kwa kosa la kawaida. Lakini 2.69 imebeba ndani yake namba 14 ambayo haimo kwenye swali na 29 ambayo ni kosa la mtu aliyeshamaliza chuo. Ni kama alama ya kidole.

Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Harvard kiliwachunguza wanafunzi wapatao 125 wa kozi moja yenye wanafunzi 279. Mtihani ulikuwa wa kufanyia nyumbani, wakaruhusiwa vitabu, daftari na hata intaneti, ila maelekezo yaliwakataza kujadiliana na wengine. Moja ya vitu vilivyomfanya mhadhiri atazame mara mbili ni nafasi iliyoachwa kimakosa katikati ya namba, ikajirudia kwenye karatasi ya mtu mwingine. Nafasi tupu tu. Zaidi ya nusu ya waliochunguzwa walitakiwa kuondoka chuoni kwa muda. Vitabu na intaneti viliruhusiwa, katazo lilikuwa juu ya kujadiliana, na hapo ndipo naiona kesi yenu: mnashika kilichoruhusiwa mnaacha kusoma kilichokatazwa.

Hapa niseme jambo moja kwa upande wa wahadhiri, wenzangu. Kurudia swali kwa kubadilisha namba moja ni uvivu au ni mtego, na vyote viwili sivipendi. Unaweza kulisema mbele ya kamati kwa adabu, kwamba swali lilikuwa limeshatoka na pasti pepa yake iko maktaba. Linaweza kupunguza uzito. Halifuti kosa.

Sasa uadmini wako. Usiogope kwamba kuwa admini peke yake ni hatia, lakini ujue kunaangaliwa. Machi 2008, Chuo Kikuu cha Ryerson mjini Toronto, ambacho sasa kinaitwa Toronto Metropolitan, kilimshtaki mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi aliyekuwa anasimamia grupu la Facebook la kusaidiana maswali ya kemia. Mashtaka yalikuwa 147, moja kwa kulisimamia grupu na jingine kwa kila mmoja wa wanachama 146. Yeye alisema ni kusaidiana kulekule kwa ana kwa ana, ila mtandaoni. Tatizo lilikuwa kwamba maswali yale yalibeba asilimia 10 ya alama za kozi, mhadhiri alitaka kila mtu ayafanye peke yake, na maelezo ya grupu yenyewe yaliwaalika watu waweke majibu yao. Alikuwa kwenye hatari ya kufukuzwa. Mwishowe hakufukuzwa, alipewa sifuri kwenye ile sehemu ya kazi na kutakiwa kuhudhuria mafunzo ya uadilifu wa kitaaluma. Kwa hiyo kaangalie maelezo ya grupu lako yanasemaje, yale yanayokaa chini ya jina. Kama yamesema "kusaidiana kujisomea", yachukue kama yalivyo uende nayo. Kama yamesema kitu kama "majibu yote hapa", ujiandae kuulizwa, na usiyabadilishe sasa, maana tarehe ya kubadilisha inaonekana.

Tuje kwenye maandalizi, kwa kuwa siku tisa zinatosha ukizitumia. Kesho asubuhi nenda ofisi iliyokuandikia barua, uombe kwa maandishi vitu viwili: kifungu cha kanuni unachodaiwa kukivunja, neno kwa neno, na nakala ya ushahidi watakaoutumia dhidi yako. Vyuo vingi vinatakiwa kukupa kabla ya kikao. Kifungu hicho ukisome polepole. Vingine vinasema "kumsaidia mwingine kwa makusudi", vingine "kwa makusudi au kwa uzembe", na maneno hayo mawili ya mwisho yanabadilisha utetezi wako wote. Kama kuna neno makusudi peke yake, swali la kamati litakuwa ulijua au hukujua kwamba ni jibu la zoezi. Na hapo, mwanangu, ulijua. Usijaribu kusema hukujua, kwa sababu karatasi yako ya Jumanne inaonyesha ulikuwa umelisoma swali siku moja kabla. Ujue pia kwamba vikao hivi kwa kawaida havidai uthibitisho usio na shaka kama kesi ya jinai mahakamani. Vinapima lipi lina uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli.

Kisha andika maelezo yako, ukurasa mmoja, kwa mpangilio wa siku na saa. Faili lilipiniwa tarehe fulani, muda mrefu kabla ya zoezi. Zoezi lilitolewa Jumatatu. Ulimaliza Jumanne, na hapa ambatanisha rafu zako, zile karatasi zenye mistari iliyofutwa, au kama ulifanyia kwenye kompyuta, historia ya faili inayoonyesha saa ulizolihifadhi. Rafu zina nguvu kuliko nakala safi, kwa sababu mtu anayenakili hana pa kukosea na kurudi nyuma. Jumatano, saa fulani usiku, uliandika ujumbe huu, unaunukuu wote kama ulivyo. Baada yake sentensi moja: ulijua ni swali la kazi ya alama, hukupaswa kumwelekeza, ulikosea. Usiongeze "lakini" baada ya sentensi hiyo. Yale ya kupunguza uzito, kama kutopata faida na kama pasti pepa kuwa maktaba, yaweke kwenye aya yake peke yake, mbali na kukiri.

Ambatanisha na mazungumzo yote ya grupu ya wiki ile, Jumatatu hadi Ijumaa, bila kuruka. Programu hizi zina sehemu ya kutoa nakala ya mazungumzo kwenye faili ikiwa na tarehe na saa. Itumie hiyo badala ya skrinshoti moja moja, kwa sababu skrinshoti huacha watu wakijiuliza kilichokuwa juu yake na chini yake. Na uliza kama unaruhusiwa kwenda na mtu. Mahali pengi unaruhusiwa mwakilishi wa serikali ya wanafunzi au mhadhiri mlezi, hata kama haruhusiwi kusema. Mtu wa kukukumbusha uliyoyasahau kuyasema ni msaada mkubwa ukiwa na hofu.

Kuhusu majina. Wewe hukumwona mtu yeyote akinakili. Ulichokiona ni mtu mmoja aliyeuliza, na ujumbe wake uko kwenye mazungumzo hayohayo unayoyapeleka. Kwa hiyo ukiulizwa nani aliuliza, sema, maana liko wazi. Ukiulizwa nani alinakili, jibu la kweli ni kwamba hujui, na unaweza kulisema huku unawatazama machoni. Usiwapelekee orodha ya watu unaowadhania. Wala usiseme mlisoma pamoja kama hamkusoma pamoja. Fikiria kauli hiyo itafikia wapi: watu 20 wakisema walikaa pamoja, swali la pili litakuwa wapi, siku gani, nani alikaa karibu na nani, na, kama kwenye mfano wangu, kwa nini katika watu 20 waliokaa pamoja mmoja alipata 3.54 na wengine wote 2.69. Kauli ile inawazamisha wao, na wewe inakutoa kwenye kosa la ujumbe mmoja inakuingiza kwenye kosa la uongo wa kupanga.

Adhabu siwezi kukutabiria, inategemea kanuni zenu na kama una rekodi ya nyuma. Ninachoweza kukwambia kutokana na niliyoyaona ni kwamba aliyekuja na kukiri kwake mkononi, na ushahidi uliokamilika, mara nyingi alizungumzwa tofauti tulipobaki wenyewe chumbani. Uamuzi ukikushinda kuukubali, uliza muda wa kukata rufaa siku hiyohiyo, kwa sababu huwa mfupi na unahesabiwa tangu tarehe ya barua.

Grupu usilifunge, na kabla ya kikao usiliguse kabisa. Baada ya hapo libadilishe. Pasti pepa zibaki. Lile faili la majibu, hata kama hakuna kamati duniani, lisingestahili kubaki jinsi lilivyo. Watu 84 na wengine kabla yenu huenda wamelisoma miaka miwili, kosa la kujumlisha kama lile la mfano wangu likakaa humo, hakuna aliyelisahihisha. Kama ndivyo, inaniambia watu walikuwa wanalitazama jibu la mwisho bila kulifanya swali. Kama mnataka kuwa na majibu ya mfano, wekeni maswali kwanza, kila mtu aseme amefika wapi, jibu litoke baadaye, na mkigundua kosa liandikwe juu ya faili. Na zoezi lolote lenye alama likitolewa, faili lenye swali linalofanana linashuka mpaka tarehe ya kukusanya ipite. Mtu akiuliza katikati, admini anamjibu hivi: "Hilo ni la kazi ya alama. Tutalijadili baada ya Ijumaa. Ukikwama, muulize mhadhiri." Ungeiandika hiyo Jumatano ile, leo tusingekuwa tunaandikiana.

Umegusia jambo jingine kwa kupita, na limenitia wasiwasi kuliko faili: kukumbushana maswali baada ya tesiti. Mkitoka wote mmeshafanya, hakuna neno. Lakini je, kuna kundi la mchana linalofanya tesiti ileile? Kuna mgonjwa atakayefanya mtihani maalumu wiki ijayo? Mei 2024 wanaoendesha mitihani ya IB, yaani International Baccalaureate ya wanafunzi wa sekondari, ambayo hufanyika nchi nyingi kwa saa zinazopishana, walijikuta na maswali ya hisabati yaliyowekwa mtandaoni na wanafunzi waliokwisha kufanya, wakati wa upande mwingine wa dunia bado hawajaingia. Kwa waliokuwa wametoka mtihani ulikuwa umekwisha. Kwa waliokuwa nje ya mlango ulikuwa bado ni siri. Kwenye grupu lenu ni vivyo hivyo, hata kama tofauti ni saa mbili. Na kuna kozi, hasa zile za maswali ya kuchagua, ambazo maswali yake yanatoka kwenye hazina inayotumika mwaka hadi mwaka. Huko kuyaandika kwa kumbukumbu ni kosa hata wote mkiwa mmeshafanya, kwa sababu hazina ile haijatolewa kwa mtu. Kabla hujaruhusu mazungumzo hayo tena, muulize mhadhiri wa kila kozi kama karatasi yake ni ya wazi au ya siri, na jibu lake uliweke kwenye grupu.

Na nyumbani, sema. Usingoje barua ya uamuzi iwafikie kabla yako. Anza na mmoja, yule anayesikiliza kabla ya kupandisha sauti, mpe maelezo yako ya ukurasa mmoja ayasome mwenyewe mpaka mwisho, ndipo umwambie siku ya kikao.

Ukishayaandika, niletee niyapitie kabla hujayapeleka. Na zile rafu za Jumanne zitafute usiku huu, kabla mtu hajafagia chumba.

Mwalimu wako